Ubeti wa kalamu ya risasi: namna ya kuchapa kitabu cha nyimbo cha Bibi bila kukisahihisha

Nilikuwa na miaka kumi na tano nilipopewa kazi hii, na mwanzoni niliiharibu. Nitaeleza hatua zote kama ninavyozifanya sasa, lakini nitapita njia ile ile niliyopita wakati ule, Mbweni, mezani kwa Bibi, kwa sababu makosa yangu ndiyo yanayoonyesha kila hatua ni ya nini.

Kitabu chenyewe ni buku la skuli la mistari, limetiwa jalada la karatasi ya kaki na kushonwa upya kwa uzi mweusi. Ndani mna nyimbo sabini na nne za kanisa, zote kwa mwandiko wa Bibi, kwa wino wa buluu ambao kurasa za mwanzo umeshageuka rangi ya chai. Bibi alizinakili alipokuwa msichana katika kwaya ya Mtakatifu Yohana, kutoka kwenye vitabu vya misheni vya kuazima, maana si kila mwimbaji aliweza kupata chake. Mbweni ni mahali pa nyimbo tangu zamani. Misheni ya Kianglikana ilinunua shamba hapa mwaka 1871 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na maneno ya nyimbo yalitungwa na kutafsiriwa Unguja hapa hapa, kisha yakapigwa chapa katika matbaa ya misheni.

Siku ile Bibi hakunieleza mambo mengi. Macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, kwaya ilitaka nyimbo zake, na mimi ndiye niliyekuwa na laptopu. "Chukua, mwanangu. Lakini usinivunjie mgongo wa buku."

Piga picha kwanza, usichape chochote

Mgongo wa buku ndio unaoamua jinsi ya kupiga picha. Ukilibonyeza buku kuukuu kwenye kioo cha skana, uzi unakata karatasi na kurasa zinaanza kuachia. Simu inatosha. Weka meza karibu na dirisha asubuhi, lifungue buku kwa pembe ya nusu tu, egemeza upande mmoja kwenye mto au kanga iliyokunjwa, na piga ukurasa mmoja mmoja huku simu ikiwa sambamba na karatasi. Taa ya simu izime. Inaacha doa jeupe katikati, na doa hilo hupenda kukaa juu ya neno lile lile unalolitaka.

Piga ukurasa mzima, pamoja na kingo zake na hata kurasa tupu. Mimi niliacha pambizo za chini kwa kuona hazina kitu, na katika wimbo wa 31 ndipo palipokuwa na kitu. Kila picha ipe jina linalofuata mpangilio wa buku, kwa mfano `uk-031.jpg`, na namba iwe ya ukurasa, si ya wimbo, kwa kuwa wimbo mmoja unaweza kuanza ukurasa huu ukaishia ule. Weka seti moja kwenye laptopu na nyingine kwenye flashi iliyo nyumba nyingine. Unyevu wa Unguja hauchagui kati ya karatasi na kompyuta.

Baada ya hapo buku lirudi kabatini. Kazi ya siku nyingi utaifanya kwa picha, na buku lenyewe utalitoa kwa maswali machache ambayo picha haikuyajibu.

Izime kompyuta inayojua zaidi yako

Programu ya kuandikia imefunzwa Kiingereza, na itakusahihisha bila kukuuliza. Herufi ndogo ya kwanza ya mstari itafanywa kubwa, na neno linalofanana na la Kiingereza lililokosewa litageuzwa. Katika Word nenda `File`, `Options`, `Proofing`, kisha `AutoCorrect Options`, na uondoe alama kwenye `Capitalize first letter of sentences` na `Replace text as you type`. Mistari myekundu chini ya maneno ipuuze au izime kabisa.

Jambo la pili ni namna ya kukata mistari. Mwisho wa kila mstari wa ubeti bonyeza `Shift+Enter`, na mwisho wa ubeti bonyeza `Enter` peke yake. Kwa njia hiyo programu inaelewa kwamba mistari minne ni kitu kimoja, na siku utakapopanga kitabu kwa kuchapishwa, ukiweka alama kwenye `Keep lines together` katika mipangilio ya aya, ubeti hautakatwa nusu chini ya ukurasa.

Tatu ni ile alama ya juu katika maneno kama ng'ambo na ng'ara. Baadhi ya programu huipinda, nyingine huiacha wima, na pengine kompyuta inazihesabu kuwa ni herufi mbili tofauti. Chagua moja na uifuate katika kitabu kizima, la sivyo siku utakapotafuta nyimbo zote zenye "ng'ambo" utapata nusu yake.

Chapa kilichoandikwa

Hapa ndipo nilipoteleza mara ya kwanza, kabla hata sijafika kwenye ubeti wa kalamu ya risasi. Bibi alinakili kutoka vitabu vyenye tahajia ya wamisheni wa zamani, kabla ya Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha maandishi ya Kiswahili. Kwa hiyo ukurasa umejaa "killa", "marra", "khabari", na jina la Mungu limeandikwa "Muungu". Nikaona Bibi amekosea. Nikasahihisha kila kitu kwa amri moja ya kutafuta na kubadilisha, nikajisifu.

Mwalimu wa kwaya alipojaribu kuimba nakala yangu, mistari kadhaa ikapwaya. Sauti ilikuwa na noti moja isiyo na neno. Sababu ni kwamba wimbo una mizani, na "Muungu" ni mizani tatu, mu-u-ngu, ilhali "Mungu" ni mbili. Kugeuza "killa" kuwa "kila" hakubadili hesabu hata chembe. Kugeuza "Muungu" kunaondoa noti.

Tangu hapo natunza faili mbili. Ya kwanza ni nakala ya kumbukumbu, yenye kila herufi kama ilivyo kwenye karatasi, makosa na yote. Ya pili ni nakala ya kuimbia, ambamo tahajia ni ya leo na mizani imeangaliwa upya. Nakala ya kuimbia inatokana na ile ya kumbukumbu, na kamwe hairudi nyuma kuigusa. Usianze na ya kuimbia ukitumaini utakumbuka baadaye ulichobadilisha. Hutakumbuka.

Kwa nakala ya kumbukumbu unahitaji alama chache za kusema ukweli kuhusu unachokiona. Mimi natumia tatu tu. Herufi nilizozikisia nazitia kwenye mabano ya pembe, kama `[wan]`. Pahali pasiposomeka kabisa naandika `[...]`. Na jambo linalohusu karatasi yenyewe, kama rangi ya wino au pahali maneno yalipoandikwa, naliweka kwenye mabano ya duara mwanzoni mwa ubeti. Watu wengine hubuni alama kumi na mbili, na baada ya mwezi hawajui tena ipi ni ipi.

Ubeti wa tano

Wimbo wa 31 una beti nne kwa wino. Chini yake, pale pambizo la chini, kuna mistari minne myembamba kwa kalamu ya risasi, imebanwa mpaka mstari wa mwisho umepinda ukingoni. Niliiona siku niliyorudia picha. Katika kitabu cha kanisa kilichochapishwa wimbo huo una beti nne. Wa tano haumo.

Nikausoma harakaharaka, nikapata hivi:

Kusi kali ikivuma,
Na tanga likikwama,
Bwana shika mkono wangu,
Nifikishe salama.

Ulikuwa na maana nzuri. Ubeti wa nne, ule wa wino, unaanza na "Mkono wako, e Bwana", kwa hiyo nikaona Bibi ameendeleza neno lile lile. Nikamwendea jikoni, akiwa anachambua mchele kwa vidole kwa sababu macho hayaoni tena, nikamuuliza: "Bibi, hapa ni 'Bwana shika mkono wangu'?" Akasema, "Ndiyo, andika hivyo hivyo." Nikaandika.

Kilichonirudisha ni mizani. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshanifundisha kuhesabu, na mtoto akifundishwa kitu kipya hukifanya kwa kila kinachopita mbele yake.

Kuhesabu mizani, na mipaka yake

Katika Kiswahili kila irabu ni mizani moja, na m au n inayosimama peke yake mbele ya konsonanti nayo huhesabiwa. Mtu ni m-tu, mbili. Lakini mwana ni mwa-na, mbili vilevile, maana ile m imeungana na w na haisimami peke yake. Gonga meza kwa kidole unaposema neno polepole, na hesabu mara ulizogonga.

Beti za wino za wimbo ule zote zinakwenda nane, saba, nane, saba. Sasa tuuweke ubeti wa risasi kwenye mizani hiyo hiyo.

Ku-si-ka-li-i-ki-vu-ma, nane. Na-ta-nga-li-ki-kwa-ma, saba. Bwa-na-shi-ka-m-ko-no-wa-ngu, tisa. Ni-fi-ki-she-sa-la-ma, saba.

Mstari wa tatu umezidi kwa moja. Hapo mtu anaweza kusema waimbaji humeza ile m, wakaimba "mko-no" kwa noti mbili, na ni kweli, wapo wanaoimba hivyo. Ndiyo maana hesabu peke yake si ushahidi. Lazima uangalie mwandishi wako, katika wimbo huo huo, anaihesabuje m. Na hapa nilikuwa na bahati, maana ubeti wa nne unalo neno lenyewe: m-ko-no-wa-ko-e-bwa-na, nane kamili. Pale mkono ni mizani tatu. Haiyumkiniki kwamba mtu mmoja, katika wimbo mmoja, kwa tuni moja, aliimba mkono kwa noti tatu kisha mistari michache baadaye akauimba kwa mbili.

Angalia pia hesabu haikusema kitu gani. Haikusema neno ni lipi. Ilisema tu kwamba lina mizani mbili, na kwa kuwa linafuatwa na "wangu", ni la ngeli inayochukua wangu. Na kuhusu mstari wa nne ilinyamaza kabisa, kwa sababu "Nifikishe" na "Mfikishe" zote zina mizani nne. Kwa herufi hizo ilibidi kurudi kwenye karatasi.

(Nikiwa hapa niseme kwamba tuni zilizotoka Ulaya huvuta mkazo wa maneno yetu pasipostahili. "Salama" tunaitamka kwa kukaza katikati, na tuni ile inakaza mwanzo na mwisho. Kwa hiyo usitumie mkazo kuamua neno. Utapotea.)

Kusoma kalamu ya risasi

Kalamu ya risasi haina risasi. Inachora kwa grafiti, na grafiti haiingii ndani ya karatasi kama wino, inakaa juu ya nyuzi zake. Jua haliifubazi, kwa hiyo maandishi yake yanaweza kuishi kuliko ya wino yaliyo kando yake. Lakini kidole kinaifuta. Pale chini ya ukurasa, pahali ambapo kila afunguaye buku anaweka dole gumba, katikati ya mistari miwili ya mwisho palikuwa na ukungu wa kijivu tu.

Kabla ya kufanya lolote hakikisha ni kalamu ya aina gani. Zamani palikuwa na penseli za zambarau, zilizotiwa rangi ndani yake, ambazo zikikauka huonekana za kijivu kama nyingine. Zikipata unyevu zinageuka zambarau na kutapakaa. Tafuta vidoa vya zambarau kandokando ya herufi, hasa karatasi ilipowahi kurowa. Ukiviona, usiguse ukurasa kwa mkono wenye jasho, wala usiupulizie pumzi. Ya Bibi ilikuwa ya kijivu tupu, na ukiinamisha ukurasa ilimeta kidogo, kama samaki mkavu. Hiyo ni grafiti.

Kuna mambo matatu ambayo mtu hushawishika kuyafanya, na yote yanaua ushahidi: kufuta uchafu kwa raba, kupitisha kalamu juu ya herufi zilizofifia, na kubandika utepe wa gundi ili ukingo usichanike. La pili ndilo baya zaidi. Ukishapita juu ya herufi, umeandika ulichokisia wewe, na hakuna atakayejua tena palikuwa na nini.

Unachotakiwa kufanya ni kutumia mwanga wa pembeni. Ncha ya kalamu, hata kama grafiti imefutika, imeacha mfereji mdogo kwenye karatasi, na mfereji una kivuli ukiumulika kutoka pembeni. Subiri usiku. Zima taa zote, weka buku mezani, na mtu mmoja ashike tochi ya simu karibu kabisa na meza, ili mwanga upite juu ya karatasi kama jua la magharibi linavyopita juu ya mchanga na kuonyesha kila unyayo. Mtu wa pili apige picha kwa simu nyingine kutoka juu. Kisha mzungushe tochi: upande wa kushoto, wa kulia, juu, chini. Picha nne. Mfereji uliojificha kwa mwanga wa kushoto utajitokeza kwa ule wa juu, kwa sababu kijiti kilichosimama kinatupa kivuli tu mwanga ukitoka ubavuni mwake.

Aliyenishikia tochi alikuwa mdogo wangu, na mkono wake ulitetemeka kwa kucheka, ndiyo maana picha mbili za mwanzo hazikufaa. Pumzisha mkono wenye tochi juu ya kitabu.

Geuza pia ukurasa uangalie upande wa nyuma, na karatasi inayofuata. Mtu akiandika kwa nguvu, chapa hupenya. Kwetu chapa ilikuwepo lakini imefichwa na wino wa wimbo wa 32, ikawa haina msaada kwa herufi. Ilitusaidia kwa jambo jingine. Mahali pamoja mfereji wa risasi uliukata mstari wa wino wa 32, na wino ulikuwa umepasuka juu yake. Maana yake ubeti wa risasi uliandikwa baada ya wimbo wa 32 kukauka. Haukuandikwa pamoja na beti zile nne. Bibi alirudi nyuma kuja kuuongeza.

Tengeneza alfabeti ya mwandiko

Usijaribu kusoma neno gumu kwa kulikodolea macho. Kadiri unavyolitazama ndivyo linavyokuwa vile unavyotaka. Fungua ukurasa mtupu kwenye laptopu, na kutoka kwenye picha zako kata herufi za mwandishi huyo huyo katika maneno yasiyo na shaka: k tano, w tano, a tano, o tano, M kubwa, N kubwa, na i. Zipange safu safu. Ndipo ulete neno lako kando yake, ulinganishe kijiti kwa kijiti.

Alfabeti ya Bibi ilinionyesha mambo matatu. Herufi a na o za Bibi hufungwa kwa juu karibu sawasawa, kwa hiyo mwisho wa neno haukusaidia: ungeweza kuwa mkono au mwana. Lakini k yake ina mgongo mrefu, unapanda mpaka unagusa mstari wa juu, na Bibi huukandamiza. Katika "mkono" ya ubeti wa nne mgongo huo ndio alama nzito kuliko zote. Kwenye ukungu wa mstari wa tatu, katika picha zote nne, hapakuwa na mfereji wowote unaopanda juu. Palikuwa na vijiti vifupi tu, kimo kimoja, vimepangana kama uzio.

Hapa lazima kuwa mwangalifu. Kukosekana kwa grafiti hakuthibitishi kitu, kwa maana grafiti inafutika. Kukosekana kwa mfereji kunathibitisha kiasi, na zaidi pale ambapo herufi jirani, zilizoandikwa kwa nguvu ile ile na kusuguliwa kiasi kile kile, mifereji yake bado ipo. Katika mstari uleule, k ya "shika" ilikuwa imesimama kama mlingoti.

Basi neno linaanza na m, halina k, lina vijiti vifupi, lina mizani mbili, na linafuatwa na wangu. Mwana.

Nikarudi mstari wa nne. Ikiwa ni mwana, sentensi inataka "Mfikishe". Lakini sikutaka sentensi iniamulie, maana sentensi ndiyo iliyonidanganya mara ya kwanza. N na i za Bibi zikikaribiana huonekana kama M, na tofauti yao ni nukta ya i, ambayo Bibi haiandiki kama nukta. Anaichora kama mkwaju mdogo unaoegemea kulia. Kwa mwanga wa juu, mikwaju ya i mbili katika "fikishe" ilionekana yote. Juu ya herufi ya kwanza hapakuwa na mkwaju. Nikaandika M, nikaitia mabano.

Nakala ya kumbukumbu ikawa hivi:

```
31
5 (kalamu ya risasi, pambizo la chini;
  umeandikwa baada ya wimbo wa 32)
Kusi kali ikivuma,
Na tanga likikwama,
Bwana shika m[wan]a wangu,
[M]fikishe salama.
```

Mabano yabaki hata ukiwa na uhakika wa tisa kwa kumi. Atakayekuja baada yako ana haki ya kujua kwamba herufi zile hazikuonekana bali zilifikiriwa.

Kumuuliza mwenye kitabu

Nilikuwa na karatasi iliyosema mwana, na nilikuwa na Bibi aliyesema mkono. Watu wengi hapa humchagua mtu aliye hai. Lakini tazama nilivyomuuliza. Nilimpa jibu ndani ya swali, nikiwa nimesimama, na yeye ana mchele mkononi. Mzee akiulizwa namna hiyo na mjukuu atakubali, ama kwa upole, ama kwa sababu jibu lako linamwondolea maelezo.

Kumbukumbu ya wimbo haikai katika maswali, inakaa katika tuni. Ukimuuliza mtu mstari wa tatu wa ubeti wa tano, hana. Mwanzishe mstari wa kwanza wa ubeti wa kwanza na umwache, na maneno yatavutana yenyewe. Usimsaidie akikwama. Washa kinasa sauti cha simu kabla hujaanza kuzungumza, kwa idhini yake, uiweke mbali kidogo ili asiimbie simu. Na usimwambie unatafuta neno gani.

Jioni moja baada ya chakula nikamwambia, "Bibi, niimbie thelathini na moja. Nataka kusikia kama nimeikata mistari sawa." Akaanza. Sauti yake ya juu imekwisha lakini tuni haijaondoka. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Sikusema neno. Akavuta pumzi, akaendelea na wa tano kama kwamba wimbo siku zote ulikuwa na beti tano, na kwenye mstari wa tatu akaimba mwana, mwa-na, noti mbili, na kwenye wa nne akaimba mfikishe.

Nikangoja mpaka kimya kikakaa vizuri.

"Bibi, siku ile uliniambia mkono."

"Wewe ndiye uliyeniambia mkono. Ulishaandika."

"Ni mwana gani huyo?"

"Baba yako mdogo. Alipanda mashua Mkokotoni kwenda Weti, wakati wa kusi. Siku ya kwanza hapana khabari, ya pili hapana. Nikakaa pale dirishani na buku."

"Mbona kwa kalamu ya risasi?"

"Wino ulikuwa wa nyimbo za kanisa. Ile haikuwa ya kanisa."

Maelezo kama hayo yaandike siku ileile, kwa maneno ya msemaji, pamoja na tarehe na jina la faili la sauti, katika faili la tatu lililo mbali na maandishi ya wimbo. Usiyatumie kuondoa mabano. Karatasi ilisema ilichosema, na mwimbaji akasema alichosema. Vikikubaliana, andika kwamba vimekubaliana. Vikipingana, andika vyote viwili, na usiamue.

Kilichobaki ni ruhusa. Nakala ya kuimbia inakwenda mikononi mwa watu arobaini wa kwaya, na ubeti wa pambizoni pengine haukuandikwa kwa ajili yao. Muulize mwenyewe akiwa ametulia, na mweleze wazi nani ataona nini. Bibi hakufikiri kwa muda mrefu. "Kanisani tunaimba nne. Wewe weka tano kwenye hicho chako."

"Na baba mdogo alifika lini?"

"Siku ya tatu, na kikapu cha machungwa, anacheka. Nilimpiga kofi." Akapapasa meza mpaka mkono wake ukaifikia laptopu, akaigonga kwa ukucha. "Hii si yeye aliyekununulia?"